Upande wa Kufuta: Seremala, Meza na Viti Ndani ya Grafu

Seremala ana mbao 40 na saa 60 za kazi kabla ya kukabidhi oda. Meza moja hula mbao 4 na saa 3. Kiti hula mbao 2 tu, lakini mgongo wake una kazi, hivyo huchukua saa 4. Mteja ametaka idadi ya viti isipungue mara mbili ya idadi ya meza. Faida ni shilingi 10,000 kwa meza na shilingi 6,000 kwa kiti. Atengeneze meza ngapi na viti vingapi ili apate faida kubwa kabisa?

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanzania au Kenya, analijua swali la namna hii hata kama halijui jina lake kwa Kiswahili. Darasani huitwa linia programingi, na zile sentensi zenye alama za ≤ na ≥ huitwa inekwaliti. Wengi hawashindwi hesabu yake, maana ni kujumlisha na kuzidisha. Wanakoangukia ni kwenye kutia kivuli, na ubaya wa kosa la kivuli ni kwamba huzaa jibu linalopendeza macho.

Tuanze kwa kuyageuza maneno. Meza ziwe x na viti viwe y. Mbao: 4x + 2y ≤ 40, ambayo ukigawanya kwa 2 inabaki 2x + y ≤ 20. Saa: 3x + 4y ≤ 60. Oda ya mteja: y ≥ 2x. Kisha x ≥ 0 na y ≥ 0, kwa sababu hakuna anayetengeneza meza pungufu ya sifuri. Hizi mbili za mwisho husahaulika kwa kuwa hazikutajwa kwenye swali, ilhali nazo ni za kuandikwa.

Hiyo ya mteja ndiyo yenye mtego. Mkono hukimbilia kuandika 2y ≥ x, kwa sababu sikio limesikia "viti" na "mara mbili" karibu karibu. Ijaribu kwa hesabu ya mtaani: meza 3 na viti 2. Mteja angekataa, maana meza 3 zinataka viti 6. Lakini 2y ≥ x inasema 4 ≥ 3 na kuipitisha. Sentensi inayopitisha kile ambacho hadithi inakikataa imeandikwa kinyume.

Sasa rula. Mstari wa mbao unakata mhimili wa x kwenye 10 na mhimili wa y kwenye 20. Mstari wa saa unakata kwenye 20 na 15. Mstari wa y = 2x unaanzia kwenye sifuri na kupita (5, 10). Yote mitatu ni mistari kamili, kwa kuwa alama ≤ na ≥ zinaukubali mstari wenyewe. Kama swali lingesema "chini ya" bila usawa, mstari ungekuwa wa nukta nukta.

Kila mstari unaigawa karatasi pande mbili, na ni upande mmoja tu unaotufaa. Ili kuujua, chukua nukta isiyo juu ya mstari, weka thamani zake kwenye inekwaliti, uone kama inakubali. Kwa mbao na saa, nukta rahisi ni (0, 0): 0 ≤ 20 ni kweli, 0 ≤ 60 ni kweli. Basi upande wenye sifuri unabaki, na ule wa pili unatiwa kivuli.

Nimesema upande wa pili kwa makusudi. Kenya wanafunzi hufundishwa kutia kivuli upande usiotakiwa, na mimi nakubaliana nao kabisa. Ukipaka upande unaoutaka kwa inekwaliti tano, karatasi inajaa penseli juu ya penseli, na eneo la jibu ndilo linalokuwa jeusi kuliko yote. Ukipaka usiotakiwa, kila inekwaliti inafuta kipande chake, na kinachosalia cheupe ndilo eneo la majibu. Ila soma swali kwanza. Likikuagiza upake eneo lenyewe, lipake, na uandike pembeni kivuli chako kina maana gani.

Mstari wa y = 2x unahitaji uangalifu zaidi. Unapita kwenye sifuri yenyewe, kwa hiyo (0, 0) haiwezi kutoa ushahidi: 0 ≥ 0 ni kweli, lakini nukta hiyo iko juu ya mstari, haiko upande wowote. Mwanafunzi aliyezoea sifuri hapa hubahatisha. Chukua nukta nyingine, tuseme (5, 0). Je, 0 ≥ 10? Hapana. Basi upande huo wa kulia ndio wa kufutwa.

Tuseme amebahatisha vibaya akafuta wa kushoto. Anabaki na pembetatu safi yenye kona (0, 0), (10, 0) na (5, 10). Faida kwenye (10, 0) ni 100,000, na kwenye (5, 10) ni 110,000. Anaandika meza 5 na viti 10, namba nzima zisizo na desimali, na ile oda ya mteja imetimia sawasawa. Hakuna cha kumshtua. Kosa angelinasa kwa kuchukua nukta yoyote ya katikati ya eneo lake na kuisoma kama hadithi: (8, 1) ni meza 8 na kiti 1. Watu wakae wapi?

Eneo sahihi lina kona nne: (0, 0), (5, 10), (4, 12) na (0, 15). Faida zake ni 0, 110,000, 112,000 na 90,000. Jibu ni meza 4 na viti 12. Tunapima kona tu kwa sababu mistari yote yenye faida moja ni sambamba. Ukiweka rula juu ya 10x + 6y = 60 na kuisogeza polepole kuelekea juu kulia bila kuigeuza, faida inapanda kila hatua, na mahali pa mwisho rula inapoligusa eneo kabla ya kuliacha ni kwenye kona. Ikitokea rula ikalala sambamba na ukingo mmoja, basi ukingo wote una faida ileile, kona zake zikiwemo.

Swali la seremala, kwa njia, si la kubuniwa na watunga mitihani. Leonid Kantorovich, Mrusi aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1975, aliingia kwenye hesabu hizi baada ya wataalamu wa plaiwudi wa Leningrad kumwomba awasaidie kugawa kazi za mashine zao. Alichapisha njia yake mwaka 1939.

Turudi kwa seremala wetu. Mpe saa 63 badala ya 60. Mstari wa saa unasogea juu kidogo, na kona iliyokuwa (4, 12) inahamia (3.4, 13.2). Faida hapo ni 113,200, lakini nani atanunua sehemu ya kumi nne za meza? Wengi hukadiria: 3.4 iwe 3, 13.2 iwe 13. Meza 3 na viti 13 zinaleta 108,000, pungufu ya alichokuwa nacho mwanzo. Kukadiria hakutoshi. Inabidi uzihesabu nukta za namba nzima zilizo ndani ya eneo, karibu na kona hiyo. (3, 14) inataka saa 65, imetoka nje. (4, 13) inataka mbao 42, nayo nje. (2, 14) imo, lakini inatoa 104,000. Inayoshinda ni ileile (4, 12), yenye 112,000, na saa 3 alizoongezewa zimebaki bila kazi.