Kukuza Video za Zamani: Kinachonolewa na Kinachobuniwa

Kanda ya VHS iliyorekodiwa kwa mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, ina mistari 576 ya picha inayoonekana. Ikinakiliwa kwenye kompyuta hutoa faili la pikseli 720 kwa 576, jumla yake zaidi kidogo ya laki nne. Ili picha hiyo ijaze kimo cha runinga ya 4K huku ikibaki na umbo lake la zamani, lazima iwe pikseli 2880 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 6. Kwa maneno mengine, katika kila pikseli 15 zitakazoonekana, moja tu ndiyo iliyotoka kwenye faili. Nyingine 14 zinatengenezwa na programu.

Hali halisi ni mbaya zaidi kuliko hesabu hiyo. Pikseli 720 za kila mstari ni kipimo cha faili, si cha kanda. VHS yenyewe haiwezi kushika zaidi ya nukta 320 hivi zinazotofautiana kutoka kushoto hadi kulia, na rangi huishika kwa udhaifu mkubwa zaidi. Ndiyo sababu nguo nyekundu kwenye kanda hizo huonekana kama imevuja rangi nje ya mipaka yake.

Pikseli za ziada hupatikana kwa njia mbili. Ya zamani ni hesabu tupu: programu huangalia pikseli jirani, hukadiria thamani iliyo katikati yake, kisha hujaza nafasi. Kanuni zinazotumika sana ni Bicubic na Lanczos. Picha hutoka kubwa na laini, na haina kitu ambacho hakikuwamo. Njia ya pili ilianza kupata nguvu mwaka 2014, watafiti walipoonyesha kwa mtandao wa neva ulioitwa SRCNN kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kazi hii. Hupewa picha nyingi kali pamoja na nakala zake zilizopunguzwa na kuharibiwa kwa makusudi, ikajifunza kutoka kwenye nakala kurudi kwenye picha. ESRGAN ya mwaka 2018, Real-ESRGAN ya mwaka 2021 na programu za kulipia kama Topaz Video AI zimejengwa juu ya wazo hilo.

Tatizo limo ndani ya wazo lenyewe. Picha nyingi tofauti zilizo kali, zikipunguzwa, huishia kuwa ukungu uleule. Anayeushika ukungu huo na kutaka kurudi nyuma hana njia ya kujua alitoka kwenye picha ipi. Programu huchagua ile inayofanana zaidi na ilizofundishwa. Mwaka 2020 programu ya utafiti iitwayo PULSE, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha hafifu ya Barack Obama ikatoa sura ya mzungu. Picha hiyo ilikuwa kali, na ikipunguzwa tena ililingana na ile hafifu iliyopewa. Mtu tu ndiye aliyekuwa mwingine.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kukuza video yoyote ni dogo: je, kitu kinachotakiwa kionekane kimeacha alama kwenye picha, au hakikuacha kabisa? Mfano mzuri ni kanda ya harusi ya miaka ya 1990, na ndani yake, maandishi ya kanga.

Tuseme mpiga picha amesimama mbali, na upana wa eneo analolirekodi ni mita 3.2. Nukta 320 zikigawanywa kwenye upana huo, kila nukta inabeba sentimita moja. Herufi ya kanga yenye upana wa sentimita 3 inapata nukta tatu, na nukta tatu hazitoshi kutofautisha A na H. Programu iliyofundishwa haitaacha ukungu hapo. Itaona kitu kinachofanana na mwandishi, itakichora kwa kingo kali, na matokeo yatakuwa mistari inayoonekana kama herufi za alfabeti isiyokuwapo duniani. Uso wenye upana wa sentimita 15 nao unapata nukta 15, jicho likipata tatu. Macho yatakayotokea hapo ni macho ya watu wa kwenye picha za mafunzo.

Sasa kamera isogee karibu, eneo liwe na upana wa sentimita 80. Kila nukta inabeba milimita mbili na nusu. Herufi ileile ina nukta 12, jicho lina 12, uso una 60. Hapo umbo limo ndani ya kanda, ila kingo zake zimelegea. Programu ikizikaza, inakaza kitu kilichopo: maandishi yatasomeka kwa urahisi zaidi, ukingo wa shela utatengana na ukuta, na bibi harusi atabaki yeye. Video moja, kanda moja, programu moja, lakini shoti moja imefaidika na nyingine imeharibika. Anayekuza kanda nzima kwa mpangilio mmoja tangu mwanzo hadi mwisho anajitafutia hasara, na bahati mbaya wengi hufanya hivyo.

Kabla ya kufikia hatua ya kukuza, kuna kazi ya maandalizi ambayo mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko ukuzaji wenyewe. Ya kwanza ni kunakili vizuri. Deki yenye vichwa safi na waya mzuri huipa programu kitu cha kufanyia kazi. Faili lililokwisha kubanwa na kutumwa kwa WhatsApp mara kadhaa limejaa vipande vya mraba, na programu huvichukua vipande hivyo kuwa sehemu ya picha na kuvinoa pamoja nayo.

Ya pili ni mistari inayopishana. PAL haionyeshi fremu 25 kamili kwa sekunde. Huonyesha nusu-fremu 50, moja ikiwa na mistari ya witiri na inayofuata mistari ya shufwa, na kila moja imenaswa kwa wakati wake. Mkono ukipunga, nusu hizo mbili hazilingani, na kwenye skrini ya kompyuta ukingo wa mkono hutoa meno kama ya kitana. Zikikuzwa hivyo zilivyo, meno hayo huwa makali na ya kudumu. Ni lazima nusu-fremu zigeuzwe kuwa fremu kamili kwanza. Programu ya bure ya FFmpeg hufanya kazi hiyo na ukuzaji wa kawaida kwa amri moja:

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field,scale=1440:1080:flags=lanczos,setsar=1" -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p harusi_1080.mp4
```

Sehemu ya `bwdif` hutoa fremu 50 kamili kwa sekunde, hivyo mwendo wa watu wanaocheza ngoma unabaki mwororo kama ulivyokuwa kwenye runinga ya zamani. `scale` hukuza hadi pikseli 1440 kwa 1080, umbo la 4:3, bila kuwanenepesha watu ili wajaze skrini pana. Nakala hii haina ubunifu wowote, na ndiyo ya kulinganishia kila kitakachofuata. Kwa kanda nyingi inatosha. Ina faida hata kwa anayetaka kuiweka YouTube, kwani mtandao huo hauonyeshi fremu 50 kwa sekunde kwenye video iliyo chini ya 720p. Kukuza kwa hesabu tu kunaokoa mwendo uliokuwamo. Kwa mtu anayetaka kuitazama nyumbani, runinga yenyewe tayari hukuza kila picha ndogo inayoingizwa.

Programu ya kubuni inapotumika, dalili za kuzidisha hazifichiki kwa anayejua pa kuangalia. Ngozi ndiyo ya kwanza. Chenga za kanda na vinyweleo vya uso vyote ni vitu vidogo vinavyobadilikabadilika, na programu haivitofautishi: inapofuta chenga, inafuta pia mikunjo ya bibi wa miaka sabini. Wakati huohuo nyusi na kope huchorwa nyuzi moja moja. Uso wenye kope kali na shavu lisilo na kitu haupatikani kwa kamera ya aina yoyote, na jicho la mtazamaji hulijua hilo hata asipoweza kulieleza. Filamu kubwa hazikusalimika: diski za 4K za *Aliens* na *True Lies* zilipotoka mwaka 2024, watazamaji wengi walilalamikia sura zilizolainishwa namna hiyo.

Dalili ya pili haionekani kwenye picha iliyosimamishwa. Nakshi za hina mkononi huweza kupendeza katika fremu moja, lakini video ikichezwa, maua yake yanatambaa, kwa sababu programu imekisia tofauti kidogo katika kila fremu. Hukumu itolewe baada ya kutazama sekunde kumi za mwendo, kwa ukubwa kamili, nakala mbili zikiwa sambamba. Meno, vidole, maandishi na nyuso za watu waliosimama nyuma ndiko makosa yanakoanzia.

Kuna jaribio ambalo wengi hulitegemea, la kupunguza matokeo hadi ukubwa wa awali na kuyalinganisha na chanzo. Yakitofautiana, programu imebadilisha kitu bila shaka. Yakilingana, haijathibitishwa lolote. Sura ya PULSE nayo ililingana.

Ikiwa matokeo yamezidi kidogo tu, si lazima yatupwe. Katika programu ya uhariri, nakala iliyobuniwa huwekwa juu ya ile ya Lanczos na kupunguzwa hadi asilimia 40 au 50 ya uzito wake. Kingo zinabaki zimekazwa kiasi, ngozi inarudishiwa uhai, na chenga nyembamba zikiongezwa mwishoni huficha ulaini uliobaki. Kukuza mara mbili pia hufanya makosa machache kuliko kukimbilia 4K moja kwa moja.

Video nyingine hazina pa kuanzia. Faili la 3GP la simu za miaka ya 2000, lenye pikseli 176 kwa 144, ni dogo mno. Nyuso zitakazotoka humo ni za kubuni karibu zote. Filamu za utepe ni kinyume chake. Utepe wa milimita 16 au 35 una maelezo mengi kuliko nakala ya VHS iliyotolewa kwake, kwa hiyo ukiwapo, kuuskani upya hutoa picha ya kweli ambayo hakuna programu itakayoifikia kwa kukuza nakala.

Pale ambapo picha inatakiwa kuthibitisha jambo, ubunifu hauna nafasi hata kidogo. Machi 2024, jaji wa King County katika jimbo la Washington, Marekani, alikataa video ya simu iliyokuzwa kwa akili bandia isiwe ushahidi katika kesi ya mauaji, kwa kuwa programu ilikuwa imeongeza yasiyokuwamo kwenye video ya awali. Namba ya gari iliyokosa nukta za kutosha kwenye kamera ya ulinzi itapewa tarakimu, lakini zitakuwa tarakimu za programu.

Kwa sababu hiyo faili la kwanza kutoka kwenye deki huhifadhiwa kama lilivyo, pamoja na mistari yake inayopishana na chenga zake. Kwa muundo wa DV, saa moja huchukua gigabaiti 13 hivi. Nakala iliyokuzwa hupewa jina tofauti linalotaja programu iliyotumika na mwaka, ili anayeifungua baadaye asiichukue kuwa ndiyo kanda yenyewe.