Kivuli Kilichokatwa kwa Wembe

Katuni za filamu za zamani zilichorwa juu ya karatasi angavu za seluloidi. Mstari ulichorwa upande wa mbele, rangi ikapakwa upande wa nyuma. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, kwa hiyo wapaka rangi hawakuwa na muda wa kulainisha kila shavu. Shavu lilipewa rangi moja penye mwanga na nyingine penye kivuli, na kati yake pakawa na mpaka mkali, kana kwamba umekatwa kwa wembe. Kilichozaliwa na haraka kikawa mtindo, na leo tunautafuta kwa makusudi ndani ya kompyuta.

Taabu ni kwamba programu ya Blender kwa kawaida yake hufanya kinyume. Inakokotoa mwanga unavyofifia polepole kutoka paji la uso hadi shingoni, kama mpira ulioanikwa juani. Kupata katuni ni kuunyang'anya mwanga uhuru huo na kumwachia mchoraji aamue kivuli kianzie wapi. Nitaeleza kwa mhusika niliyemtengeneza mwenyewe: binti wa miaka kumi, ngozi yake maji ya kunde, amevaa gauni la njano, urefu wake mita 1.3.

Kwanza nilichagua EEVEE katika sehemu ya Render Engine. Nodi tunayoitegemea, Shader to RGB, iliingia na toleo la 2.80 mwaka 2019 na hufanya kazi ndani ya EEVEE tu. Ukihamia Cycles, mtindo wote unapotea. Kisha, kwenye Color Management, nilibadili View Transform iwe Standard. Tangu toleo la 4.0 Blender huanza na AgX, ambayo hupoza rangi kali ili picha ifanane na ya kamera. Kwa katuni hilo ni balaa: unachagua njano ya embe bivu, unapata njano ya nguo iliyochujuka. Ukiona rangi ya kwenye picha hailingani na uliyoichagua, anzia hapo.

Rangi ya ngozi inapita kwenye mnyororo huu wa nodi:

```
Diffuse BSDF → Shader to RGB → Color Ramp → Emission → Material Output
```

Diffuse BSDF, iliyoachwa nyeupe, inapokea mwanga. Shader to RGB inaugeuza mwanga huo kuwa rangi ya kawaida tunayoweza kuichezea. Color Ramp ndiyo wembe wenyewe: badili Linear iwe Constant, na mteremko laini unageuka kuwa ngazi. Emission inatoa rangi ile ile bila kuiruhusu taa iiguse tena. Alama ya kushoto ya Color Ramp ni kivuli, ya kulia ni penye mwanga, na ukiisogeza ile ya kulia mpaka wa kivuli unatembea usoni mbele ya macho yako. Tumia taa moja tu ya aina ya Sun. Taa mbili hujumlisha mwanga wake kabla ya kufika kwenye wembe, na mipaka inaanza kukatiza uso ovyo.

Kwenye rangi ndipo nilipokaa siku nyingi zaidi. Mafunzo mengi niliyoyafuata yalikuwa ya ngozi nyeupe yenye kivuli cha waridi, na nilipoyaiga kwa binti yangu alitoka kama aliyepakwa masizi. Kumbe nilikuwa napunguza mwangaza tu. Ngozi ya maji ya kunde kivulini haiwi nyeusi zaidi tu, bali huelekea kwenye wekundu wa zambarau. Nikaweka `7A4A2E` penye mwanga na `4A2A2C` penye kivuli. Kisha nikaongeza alama ya tatu mwishoni kabisa mwa Color Ramp, `B57A52`, ikatokea kama kipande chembamba juu ya shavu na kwenye ncha ya bega. Kwenye ngozi nyeusi umbo husomeka kwa mng'ao kuliko kwa kivuli, na bila hatua hiyo ya tatu uso ulionekana bapa.

Sasa mstari. Njia ninayoipenda ni ya ganda lililopinduliwa: mwili unafunikwa na nakala yake iliyonenepa kidogo, ambayo nyuso zake zimegeuzwa nje ndani. Kamera haioni upande wa karibu wa ganda hilo, inaona ule wa mbali tu, nao unachungulia pembezoni mwa mwili kama mstari wa wino. Mpe mhusika modifaya ya Solidify iwe ya mwisho, Thickness 0.008 m, Offset 1, weka tiki kwenye Flip. Ongeza nafasi ya mwisho ya materiali yenye Emission ya rangi ya mstari na uwashe Backface Culling. Material Offset niliipa 10, ingawa nina materiali nne tu. Ukiweka 1, ganda la ngozi litachukua materiali inayofuata, yaani ya gauni. Namba inayozidi idadi hurudishwa kwenye ya mwisho, ambayo ndiyo wino.

Mhusika akigeuka donge jeusi, Flip au Backface Culling haikuwashwa. Mstari ukiwa mnene mkononi na mwembamba kichwani, kuna mahali umbo lilivutwa bila kuthibitishwa. Bonyeza `Ctrl+A` na uchague Scale. Na kama mwili wote umezama kivulini huku mstari ukiwa sawa, ganda linaukinga jua. Kwenye toleo la 4.2 na kuendelea Backface Culling ina tiki ya Shadow pia, iwashe. Kwenye matoleo ya kabla yake, weka Shadow Mode ya wino iwe None.

Wino wangu si mweusi. Nimeupa `1E1014`, kahawia inayokaribia weusi, kwa sababu nyeusi tupu ilimeza mpaka wa nywele. Unene nao ni wa mita, si wa karatasi, hivyo mhusika akienda mbali mstari unakonda naye hadi kupotea. Ganda pia halichori mfuko wa gauni wala mkunjo wa nguo, maana hayo hayana ukingo wa kuchungulia. Hayo nimeyachora kwa mkono kwenye picha ya rangi.

Kilichobaki kigumu ni pua. Jua likisogea kidogo, kivuli cha pua kinaruka kama madoa ya wino, kwa kuwa kompyuta inasoma kila kibonde cha uso. Studio ya Arc System Works ilikutana na hili ilipotengeneza mchezo wa Guilty Gear Xrd, uliotoka mwaka 2014, na mafundi wake walirekebisha kwa mkono mwelekeo ambao kila sehemu ya uso inamwambia mwanga kuwa inautazama. Mimi nilifupisha njia: nilitengeneza yai laini lenye ukubwa wa kichwa, nikalificha, kisha kwa modifaya ya Data Transfer nikaazima Custom Normals zake kwa uso peke yake. Pua bado ipo, lakini mwanga unadhani unapita juu ya yai. Mpaka wa kivuli sasa unashuka shavuni kwa mpindo mmoja, na binti anapogeuza kichwa unamfuata bila kuruka.