Picha za Makundi Zisijae Kwenye Galari

Picha inayotumwa kwa WhatsApp hupita hatua mbili kabla ya kuonekana kwenye galari ya simu. Kwanza hupakuliwa, yaani faili yake huvutwa kutoka kwenye seva na kuwekwa ndani ya simu. Kisha galari huikuta na kuipanga pamoja na picha zilizopigwa kwa kamera ya simu yenyewe. Kila hatua ina swichi yake. Watu wengi huzima moja wakitarajia ifanye kazi ya nyingine, halafu hulalamika kwamba simu imejaa vilevile.

Kwenye simu za Android, swichi inayohusu galari inaitwa Media visibility. Hupatikana kwa kufungua Settings, kisha Chats. Ikizimwa, picha zitakazopakuliwa tangu hapo hazitaonekana kwenye galari, ingawa ndani ya mazungumzo zitafunguka kama kawaida. Kinachofanyika ni kwamba WhatsApp huziweka kwenye folda ambayo galari imekatazwa kuitazama. Faili bado imo ndani ya simu na bado inakula nafasi. Kwa hiyo swichi hii hupunguza msongamano wa galari, wala haiongezi nafasi hata kidogo.

Anayetaka kuokoa nafasi, au bando, hana budi kwenda kwenye swichi ya pili. Hiyo iko Settings, kisha Storage and data, sehemu ya Media auto-download. Hapo kuna mipangilio mitatu: simu inapotumia bando, inapotumia Wi-Fi, na inapokuwa kwenye mtandao wa ugenini. Alama ya Photos ikiondolewa kwenye yote mitatu, picha mpya itafika ikiwa na ukungu, na haitapakuliwa mpaka mwenye simu aiguse. Ubaya wake ni kwamba picha isiyopakuliwa kwa muda mrefu huweza kutoweka kwenye seva, na hapo aliyeituma huombwa aitume upya.

Tofauti ya swichi hizi huonekana vizuri kwa mweka hazina wa kamati ya harusi jijini Dar es Salaam. Tuseme kundi la kamati linapokea picha 30 kwa siku: picha za miamala ya michango, sampuli za kadi, vitambaa vya sare, na salamu za asubuhi zenye maua, ambazo hakuna kundi linalozikosa. Kwa siku 60 za maandalizi zitafika picha 1,800. Picha ya kawaida ya WhatsApp hubanwa kabla ya kutumwa. Ikikadiriwa kuwa na KB 200, mzigo wote ni takriban MB 360. Kwa simu ya GB 64 huo si mzigo mkubwa. Kero yake ni wingi: picha za mtoto aliyeanza kutembea zimefukiwa katikati ya picha 1,800 za kundi, na mwenye simu anapoketi kufuta, anafuta kwa haraka.

Kwenye Android haraka hiyo ina hatari. Galari haina nakala yake ya picha ya WhatsApp. Inaonyesha faili ileile inayotumiwa na mazungumzo. Mweka hazina akifuta picha ya muamala kwenye galari, ndani ya kundi pia haitafunguka tena, na huenda siku ya kufunga hesabu ndiyo itakayotakiwa. Kwa hali yake, kuzima upakuaji kungemletea usumbufu mwingine, maana anahitaji kila picha ya mchango iwemo ndani ya simu. Anachohitaji ni kuliondoa kundi hilo peke yake kwenye galari.

Hilo hufanyika ndani ya kundi. Anafungua mazungumzo ya kundi, anagusa jina lake juu, anashuka hadi Media visibility, kisha anachagua No. Mazungumzo ya mke na ndugu zake yanabaki kwenye Default, ambayo hufuata mpangilio wa jumla, na picha zao zinaendelea kuingia kwenye galari. Aliye kwenye makundi mengi hufaidika zaidi akigeuza utaratibu: anazima swichi ya jumla, halafu anachagua Yes kwa watu watatu au wanne ambao picha zao anataka kuzitunza. Ikija picha nzuri kutoka kwenye kundi lililofichwa, anaifungua, anagusa vidoti vitatu na kuchagua Save.

Ili kujua kama mpangilio umeshika, mtu mmoja wa kundi aombwe atume picha mpya, ipakuliwe, kisha galari ifunguliwe. Picha za zamani si kipimo, kwa sababu mpangilio huu haurudi nyuma. Zilizokuwa zinaonekana zitaendelea kuonekana. Wengi huziona hizo na kudhani swichi ni mbovu.

Kuna njia ya kuzificha na hizo za zamani, ila ni ya mkato na haibagui. Kwa kutumia programu ya kusimamia mafaili, hutengenezwa faili tupu yenye jina hili, kuanzia na nukta:

```
.nomedia
```

Faili hiyo huwekwa ndani ya folda ya picha za WhatsApp, ambayo kwenye simu nyingi za sasa iko hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images
```

Galari ikikuta faili hiyo huiruka folda nzima, pamoja na picha za ndugu zilizomo. Pengine simu itahitaji kuzimwa na kuwashwa ndipo mabadiliko yaonekane. Faili ikifutwa, picha hurudi.

Kwenye iPhone mambo ni tofauti. Swichi iko Settings ya WhatsApp, kisha Chats, na inaitwa Save to Photos. Ikiwa imewashwa, WhatsApp hutengeneza nakala ya pili ndani ya programu ya Photos. Picha moja hukaa mara mbili, na anayetumia hifadhi ya iCloud huipandisha na huko, ambako nafasi ya bure ni GB 5 tu. Huku kuzima swichi kunaokoa nafasi kweli. Na kwa kuwa nakala ni mbili, kufuta iliyo kwenye Photos hakuigusi iliyo kwenye mazungumzo. Kwa kundi moja moja, hufunguliwa maelezo ya kundi, Save to Photos, kisha Never.

Telegram nayo ina mpangilio wa Save to Gallery ndani ya Data and Storage, uliogawanywa kwa mazungumzo binafsi, makundi na chaneli. Anayefuata chaneli za habari au za mpira aanze na hiyo ya chaneli.

Harusi ikipita na hesabu zikafungwa, mweka hazina hana sababu ya kuchambua galari. Anafungua Settings, Storage and data, kisha Manage storage, ambako mazungumzo yamepangwa kwa ukubwa wa mafaili yake. Anagusa kundi la kamati, anachagua picha zote na kuzifuta kwa mkupuo. Video za siku ya harusi zitakuwa humohumo, kwa hiyo anazoziona zinafaa azihifadhi kwanza.