Injini mpya, kitabu cha zamani

Chukua Toyota Probox iliyoingia Kenya na injini ya 2NZ, yenye sisi 1,298. Injini inakufa, fundi anafunga 1NZ ya mtumba kutoka Japani, yenye sisi 1,496. Gari linavuta kuliko zamani, ila kitabu cha usajili, yaani logibuku, bado kinataja injini iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu.

Tofauti hiyo haijifichi. Namba ya injini hugongwa kwenye bloku, nayo kwa Toyota hizi huanza na aina ya injini. Mkaguzi akisoma 1NZ kwenye bloku na 2NZ kitabuni, amekwisha kujua. Hata chesisi inatoa ushahidi: Probox ya NCP50 ilitoka kiwandani na 2NZ, ilhali NCP51 na NCP55 zilitoka na 1NZ. Hapa basi si namba peke yake inayorekebishwa, bali na ukubwa wa injini pia. Kama fundi alibadilisha silinda hedi tu, kitabu hakiguswi, kwa sababu bloku ni ileile.

Kazi huanzia dukani, kabla ya kulipa. Safisha bloku, isome namba mwenyewe, kisha hakikisha imeandikwa yote kwenye risiti. Omba pia nakala ya karatasi za forodha za injini hiyo. Ukiona alama za grainda, au tarakimu zisizolingana kimo, iache injini hiyo hata ikiwa bei ni nzuri: huenda namba ilifutwa na kugongwa upya, na mzigo wa kueleza ilikotoka utakuwa wako.

Ukishafunga, peleka maombi ya kubadilisha maelezo ya gari kwa NTSA kupitia akaunti ya mwenye gari, kisha lipeleke gari likakaguliwe. Kama jina la benki limo kitabuni kwa sababu ya mkopo, zungumza nayo kwanza. Ijulishe pia kampuni ya bima.

Rangi hufuata mkondo huohuo: ukigeuza gari jeupe kuwa jeusi, kitabu nacho kibadilike, lakini kupaka mlango uliogongwa rangi ileile si badiliko. Anwani ni jambo jepesi, nalo linapuuzwa mno, ingawa notisi hufuata anwani iliyoandikwa.

Kuhusu jina, tenganisha mambo mawili. Aliyebadilisha jina lake mwenyewe, labda baada ya ndoa, aanze na kitambulisho na PIN ya KRA, maana kitabu hufuata hizo. Aliyeuza gari ahamishe umiliki. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki kinakataza gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa, na kwa kifungu cha 8, mwenye jina kitabuni ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ewe muuzaji, usikabidhi funguo kabla ya kuanzisha uhamisho huo.