Akina Mama Sitini wa Kliniki ya Kintinku

Mitihani ya mbinu za utafiti hupenda swali la namna hii. Mtafiti anataka kujua ni kaya ngapi za Kintinku, wilayani Manyoni, zinazomiliki chandarua. Anakwenda kituo cha afya siku ya kliniki ya watoto, anakaa karibu na mzani, na kumhoji kila mama anayemaliza kupimiwa mtoto hadi watimie 60. Karibu asilimia 76 wanasema wana chandarua nyumbani. Je, hii ni sampuli ya aina gani, na matokeo yake yana upendeleo gani?

Wanafunzi wengi huandika kwamba ni sampuli nasibu. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia mtafiti hakumjua mama yeyote, hakubagua sura wala kabila, alichukua aliyetokea. Hapo ndipo alama zinapopotea. Unasibu hautokani na moyo safi wa mtafiti. Unatokana na utaratibu: kila kaya ya Kintinku iwe na nafasi ya kuchaguliwa inayojulikana kabla kazi haijaanza, na pasiwe na kaya ambayo nafasi yake ni sifuri. Kaya ya wazee wawili wasio na mtoto mchanga haina namna ya kufika kwenye mzani ule. Nafasi yake ni sifuri. Basi sampuli hii ni ya wepesi, yaani ya wale waliopatikana bila taabu, hata kama mtafiti alikuwa mtu mwadilifu kupita wote.

Nusu ya pili ya swali ndiyo ngumu, kwa sababu kuandika tu kwamba "ina upendeleo" hakutoshi. Msahihishaji anataka kuona upendeleo unaelekea upande gani, na kwa nini. Hapo lazima uyajue mazingira. Kintinku ipo kwenye Reli ya Kati na kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Manyoni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Penye stesheni na barabara nyumba husongamana. Kaya nyingine zimetawanyika mbali, kwenye mashamba ya mpunga na mtama. Mama wa jirani na barabara anafika kliniki kwa dakika chache. Wa shambani anatembea na mtoto mgongoni, na wakati wa masika njia inaweza kuwa tope tupu.

Tuweke tarakimu, na zote hizi ni za mfano. Tuseme kuna kaya 900: 600 za karibu na barabara na 300 za mbali. Tuseme pia kwamba ukweli, ambao mtafiti haujui, ni kuwa asilimia 80 ya kaya za karibu zina chandarua, na asilimia 40 tu ya zile za mbali. Hizo ni kaya 480 na kaya 120, jumla 600 kati ya 900, karibu asilimia 67. Kama kwenye foleni walikuwapo akina mama 54 wa karibu na 6 wa mbali, tutegemee asilimia 76. Kosa la pointi tisa limepatikana bila mtu yeyote kudanganya, na bila hesabu yoyote kukosewa.

Sasa mwanafunzi atapendekeza sampuli iongezwe. Mtafiti akirudi kliniki mpaka afikishe akina mama 600, foleni ikiwa na mchanganyiko uleule, atapata asilimia 76 tena, safari hii akiwa na uhakika mkubwa zaidi juu ya jibu lisilo sahihi. Wingi wa watu hupunguza kuyumba kwa makadirio. Upendeleo hauguswi.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu foleni hii, na ni aibu kulipita. Nchini Tanzania kliniki ndiyo moja ya milango ambamo chandarua hutoka. Mpango wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004 uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki hati ya kununulia chandarua kwa bei nafuu. Baadaye vyandarua vikaja kugawiwa papo hapo, kwa mjamzito anapohudhuria mara ya kwanza na kwa mtoto anapoletwa kuchanjwa surua. Maana yake mtafiti wetu amekwenda kuuliza nani ana chandarua mahali ambapo vyandarua hugawiwa. Hata kama kliniki ingekuwa katikati kabisa ya kata, na kila mama angefika kwa urahisi uleule, jibu bado lingepanda juu. Mwanafunzi anayeliona hili anastahili alama zote, kwa sababu amehusisha njia ya kuingia kwenye sampuli na kitu chenyewe kinachopimwa. Umbali wa njia ungeweza kurekebishwa kwa hesabu, lakini hili la pili halirekebishiki ukiwa na watu wa kliniki peke yao.

Tatizo hili limewahi kugusa takwimu za nchi nzima. Kwa miaka mingi makadirio ya maambukizi ya virusi vya ukimwi Afrika Mashariki yalitegemea damu ya wajawazito waliokwenda kliniki, kwa kuwa ndio waliokuwa wakipatikana na damu yao ilikuwa inatolewa kwa vipimo vingine. Katika mzunguko wa mwaka 2003 na 2004, kliniki zilizochaguliwa Tanzania zilitoa kiwango cha asilimia 8.7. Kipindi hichohicho ulifanyika utafiti wa kwanza wa kitaifa wa kupima watu majumbani, waliopatikana kwa sampuli nasibu, Tanzania Bara. Kiwango kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa asilimia 7.0: wanawake 7.7, wanaume 6.3.

Ukizitazama tarakimu hizo kwa utulivu, utaona tofauti kati ya 8.7 na 7.0 ina vipande viwili. Kipande kimoja ni kwamba kliniki haina wanaume, na wanaume walikuwa na kiwango cha chini. Kipande cha pili kinabaki hata ukilinganisha wanawake kwa wanawake: kliniki zile hazikuwakilisha vijiji vyote, na mjamzito ni mtu ambaye kwa hakika amejamiiana bila kinga, jambo lisilo kweli kwa kila msichana wa miaka 16. Upendeleo huo haukuelekea upande mmoja tu. Virusi hupunguza uwezo wa kushika mimba, kwa hiyo baadhi ya wanawake walioambukizwa hawakuonekana kliniki kabisa. Ndiyo maana haitoshi kusema sampuli ya wepesi "huongeza" au "hupunguza"; kila sababu ifuatwe kivyake hadi uone inasukuma wapi.

Turudi Kintinku na tuifanye kazi upya. Kwa sampuli nasibu sahili, mtafiti anaanza na orodha ya kaya zote 900, kila moja na namba yake. Orodha hiyo ndiyo roho ya kazi, na ukiwa na shaka juu ya swali lolote la mtihani, itafute kwanza. Kisha namba 60 zinachaguliwa kwa bahati nasibu, kwa jedwali la namba nasibu au kwa kompyuta. Tunategemea kaya 20 za mbali, lakini bahati inaweza kuleta 15 au 25, na jibu litapanda au kushuka kidogo. Huko ni kuyumba, si upendeleo: ukirudia zoezi mara nyingi, majibu yatazunguka asilimia 67 pande zote mbili. Foleni ya kliniki hukosea upande uleule kila mara.

Sampuli ya matabaka huja pale mtafiti anapokataa kuiachia bahati idadi ya kaya za mbali. Anaigawa orodha mara mbili, za karibu na za mbali, halafu ndani ya kila tabaka anachagua kwa bahati nasibu. Akichukua 40 na 20, uwiano unafanana na wa kata. Akitaka kulinganisha makundi hayo mawili vizuri, anaweza kuchukua 30 na 30, na hapo mtego unafunguka. Tuseme wenye vyandarua ni 24 upande wa karibu na 12 upande wa mbali. Mwanafunzi mwenye haraka atajumlisha 36 kati ya 60 na kuandika asilimia 60. Amesahau kwamba kila kaya ya karibu inasimama badala ya kaya 20, na kila ya mbali inasimama badala ya 10. Ukizipa uzito wake, 24 mara 20 ni 480, 12 mara 10 ni 120, na tumerudi kwenye 600 kati ya 900.

Kupeana uzito namna hii si mchezo wa darasani. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulichagua maeneo 629 ya kuhesabia watu kutoka mikoa yote ya Bara na Zanzibar, mjini na vijijini, na katika kila eneo kaya 26, jumla kaya 16,354. Mikoa midogo ya Zanzibar ilipewa kaya nyingi kuliko uwiano wake ili nayo iweze kuzungumziwa mmojammoja, na uzito ndio uliorudisha mambo sawa ilipotafutwa picha ya nchi.

Mtego wa mwisho ni wa maswali yanayovaa nguo za matabaka. "Mtafiti alisimama gulioni akahoji wanaume 30 na wanawake 30 waliopita." Kuna makundi, kuna idadi iliyopangwa, na wengi huandika sampuli ya matabaka. Lakini ndani ya kila kundi amechukua wapita njia. Hakuna orodha, hakuna bahati nasibu. Ni sampuli ya mgawo, ndugu wa ile ya wepesi. Vivyo hivyo "kila mama wa tano kwenye foleni": uchaguzi ni wa utaratibu mzuri, ila unawakilisha waliohudhuria kliniki siku hiyo tu. Kama swali linahusu ubora wa huduma ya kliniki, sampuli hiyo inafaa. Kama linahusu kaya za Kintinku, haifai.

Na hata sampuli iliyochaguliwa vizuri huweza kuharibikia mlangoni. Mhoji anafika kwenye kaya namba 412 akakuta imefungwa, kwa kuwa mpunga unaiva na familia yote imehamia shambani kuamia ndege. Jirani yupo, amekaa kibarazani, yuko tayari kujibu. Akimhoji jirani, amebadilisha kaya ya wakulima walio shambani kwa kaya ya watu wanaoshinda nyumbani, na sampuli yake imeanza kufanana na foleni ya kliniki. Kwa sababu hiyo utafiti ule wa mwaka 2022 haukuruhusu kaya iliyochaguliwa kubadilishwa kwa nyingine. Mhoji hurudi, na akishindwa kabisa, kaya hiyo huandikwa kuwa haikupatikana.