Shilingi Inayofuata Iende Wapi?

Mwaka 1952 kijana wa miaka 24, Harry Markowitz, alichapisha katika jarida la Journal of Finance makala fupi kuhusu namna ya kugawa fedha kati ya hisa mbalimbali. Hoja yake ilikuwa kwamba mwekezaji hapaswi kuitazama kila hisa peke yake. Cha kutazama ni jinsi hisa zinavyopanda na kushuka pamoja. Mwaka 1990 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akiwa na Merton Miller na William Sharpe. Ukiivua maneno ya kiuchumi, katikati yake kuna hesabu moja: gradienti ya fomula ya kipeo cha pili.

Tuichukue kwa hisa mbili tu. Sehemu ya fedha zako iliyo kwenye hisa ya kwanza tuiite x, na iliyo kwenye hisa ya pili tuiite y. Jumla yao ni 1, maana yake fedha zote. Kuyumba kwa faida hupimwa kwa namba iitwayo variansi. Kadiri ilivyo kubwa, ndivyo faida inavyorukaruka. Tuseme hisa ya kwanza ina variansi ya 3, ya pili ina 6, na namba inayopima jinsi zinavyokwenda pamoja, yaani kovariansi, ni 2. Namba hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Wataalamu huzipanga hivi:

```
A = | 3  2 |
    | 2  6 |
```

Jedwali hili ndilo matriki. Kwenye mshazari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia kuna variansi za kila hisa. Ile 2 imeandikwa mara mbili, juu ya mshazari na chini yake, kwa sababu uhusiano wa hisa ya kwanza na ya pili ndio huohuo wa ya pili na ya kwanza. Matriki ya namna hii huitwa linganifu. Variansi ya fedha zako zote ni:

```
f = 3x² + 4xy + 6y²
```

Ile 4 imetoka kwenye 2 mbili zilizojumlishwa. Ikumbuke, maana baadaye ndiyo itakayoleta matatizo.

Gradienti inajibu swali la mtu mwenye mfuko: nikiongeza kidogo kwenye hisa hii, variansi itapanda kwa kasi gani? Kila hisa ina jibu lake. Tuanze na x. Namba 3x² hubadilika kwa kasi ya 6x, na 4xy hubadilika kwa kasi ya 4y. 6y² haina x, kwa hiyo haitikisiki. Jibu la x ni 6x + 4y. Kwa njia hiyohiyo, jibu la y ni 4x + 12y. Sasa rudi kwenye matriki. Zidisha safumlalo ya kwanza kwa x na y, upate 3x + 2y. Ya pili itakupa 2x + 6y. Zidisha kila moja kwa 2 na utakuta majibu ni yaleyale. Kwa hiyo gradienti ni 2Ax, hapa x ikiwa orodha ya vigeu vyote, na kanuni hiyo haibadiliki hata hisa zikiwa mia.

Tuitumie. Mtu mwoga huweka fedha zote kwenye hisa ya kwanza kwa kuwa ndiyo tulivu zaidi. Pale x ni 1 na y ni 0, variansi ni 3, na gradienti ni 6 kwa hisa ya kwanza na 4 kwa ya pili. Angalia hapo: hisa ya pili, ambayo ikiwa peke yake huyumba maradufu, kwa sasa inaongeza hatari kwa kasi ndogo kuliko ile tulivu. Kwa hiyo kuhamisha kidogo kutoka ya kwanza kwenda ya pili kutapunguza kuyumba. Ukihamisha 0.01, variansi inashuka kutoka 3 hadi 2.9805.

Uhamishe hadi lini? Hadi kasi mbili zilingane, maana zikishalingana hakuna faida ya kuhamisha tena. Weka 6x + 4y sawa na 4x + 12y, na utapata x ni mara nne ya y: asilimia 80 kwa 20. Variansi hapo ni 2.80, na kasi zote mbili ni 5.6. Ukigawa nusu kwa nusu unapata 3.25, mbaya kuliko kutogawa kabisa. Hata hivyo Markowitz mwenyewe alisimulia kwamba akiba yake ya uzeeni aliigawa nusu kwa nusu kati ya hisa na hati fungani, ili baadaye asije akajuta. Simlaumu, majuto hayamo kwenye matriki.

Sasa lile tatizo. Mtu anayeiona fomula 3x² + 4xy + 6y² anaweza kuijaza 4 yote upande mmoja:

```
B = | 3  4 |
    | 0  6 |
```

Variansi itatoka sahihi kabisa, kwa mgawanyo wowote utakaojaribu, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Akitumia kanuni ya 2Bx, kwa nusu kwa nusu atapata kasi za 7 na 6, wakati za kweli ni 5 na 8. Ataamini hisa ya kwanza ndiyo inayoongeza hatari zaidi, kumbe ni kinyume chake. Akisawazisha kasi zake atafikia asilimia 40 kwa 60, na variansi ya 3.60. Ameanza kutafuta utulivu akaishia mahali pabaya kuliko alipokuwa.

Kuna jaribio moja maarufu ambalo halitamwokoa. Fomula za aina hii zina sifa kwamba ukizidisha kila kasi kwa sehemu yake na kujumlisha, unapata mara mbili ya variansi. Kasi za kweli zinatoa 2.5 na 4, jumla 6.5, ambayo ni mara mbili ya 3.25. Kasi za uongo zinatoa 3.5 na 3, jumla ileile 6.5. Kosa limejificha ndani ya jumla: kilichoongezeka kwa x kimepungua kwa y.

Jaribio linalolinasa ni la kikulima zaidi. Gusa kigeu kimoja tu. Panda kutoka x ya 0.50 hadi 0.51, y ibaki 0.50, kisha kokotoa variansi upya: inatoka 3.25 hadi 3.3003. Tofauti ni 0.0503; igawe kwa 0.01 upate 5.03. Iko jirani na 5, na mbali na 7. Rudia kwa y na utapata 8.06.

Ukikuta jedwali lisilo linganifu, usilitupe. Kila jozi ya namba zinazotazamana kuvuka mshazari, zijumlishe na ugawe kwa 2, kisha uweke jibu pande zote mbili: 4 na 0 zinakuwa 2 na 2. Variansi haitabadilika hata chembe, na kanuni ya 2Ax itaanza kusema kweli. Kwa hisa 10, jedwali lina namba 100 lakini jozi za kukagua ni 45 tu, kazi ya dakika chache kwa kalamu, na ifanywe kabla ya kuhamisha fedha.