MWEZI WA DHIKI NDIO MIZANI

Mtu apataye mshahara huijua riziki yake ya mwezi kabla mwezi haujaandama. Lakini wengi wetu hapa Bariadi si watu wa mshahara. Mmoja ana meza yake sokoni, mwingine ni kibarua apakiaye marobota ya pamba leo na kuchanganya zege kesho. Kwa watu hawa aghlabu husemwa ya kuwa haiwezekani kupanga matumizi, maana hawajui watapata nini. Sisi twaona kinyume chake, na tutaeleza kwa mfano.

Mkoa wetu wa Simiyu ndio ulio mbele kwa pamba katika Tanzania. Pamba huanza kuuzwa kwa kadiri ya mwezi wa Mei, na fedha ikishaingia mikononi mwa wakulima, soko zima huchangamka: dagaa hununuliwa, nguo hununuliwa, nyumba hujengwa, na vibarua huitwa. Baadaye fedha hupungua kidogo kidogo. Kuanzia Januari hata Machi mkulima yuko shambani, ghala lake limekwisha, na mwenye meza sokoni hukaa na bidhaa yake akitazama njia.

Tuchukue nyumba moja kwa mfano. Mke auza dagaa na nyanya, mume ni kibarua. Wameandika mapato yao katika daftari kwa mwaka mzima, nayo ni faida tu, baada ya kuondoa fedha ya kununulia bidhaa, nauli na ushuru. Mwezi wa Julai walipata shilingi 480,000. Oktoba walipata 260,000, Januari 190,000, Februari 160,000, na Machi 170,000. Jumla ya miezi 12 ni shilingi 3,360,000.

Mtu mwenye haraka atagawanya jumla hiyo kwa 12, apate 280,000, aseme, "Basi haya ndiyo matumizi yetu ya kila mwezi." Hapo ndipo atakapoangamia, kwa kuwa katika daftari lile miezi saba, tangu Oktoba hata Aprili, yote iko chini ya kiasi hicho. Aliyeanza mpango huu Oktoba hali hana akiba ya mavuno, ataingia katika deni tangu mwezi wa kwanza. Wastani wa mwaka ni hesabu ya kweli, lakini haumjulishi mtu ni upi mwezi wa kushiba na ni upi mwezi wa njaa.

Kwa hiyo mizani yetu iwe mwezi wa dhiki, nao hapa ni Februari, shilingi 160,000. Yafaa kuangalia kama mwezi huo ni wa kawaida. Januari na Machi ziko karibu nao, basi twajua ya kuwa ndivyo msimu ulivyo. Lau mama angeugua wiki tatu na kupata 60,000 tu, mwezi huo usingefaa kuwa kipimo. Huo ni msiba, nao una akiba yake. Wala tusipime kwa wiki. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka huadimika na bei hupanda. Mwezi mzima hukusanya giza na mbalamwezi pamoja, na ndiyo sababu hesabu yake ni ya haki.

Hatua ya pili ni kuandika yale ambayo nyumba haiwezi kuishi bila ya hayo. Mume na mke wale waliketi wakaandika: chakula 120,000, kodi ya vyumba 30,000, mkaa na maji na sabuni 25,000, dawa 10,000, shule na madrasa 10,000. Jumla ni 195,000. Wakaona ya kuwa lazima yao yashinda mapato ya Februari kwa 35,000, ya Machi kwa 25,000, na ya Januari kwa 5,000. Pengo lote ni shilingi 65,000.

Tazameni jambo hili. Mwaka uliopita, kabla ya kuandika, pengo hilo hilo liliwatisha kama mlima. Mama alichota 50,000 katika mtaji akanunua unga. Wiki iliyofuata akanunua dagaa kidogo, akapata faida kidogo, akachota tena. Mume akauliza, "Mama watoto, mtaji umekwenda wapi?" Wala haukuibiwa; uliliwa. Hata pamba ilipoanza kuuzwa, wateja walikuja mezani wakakuta bidhaa haba. Walipoteza faida ya msimu mwema kwa sababu ya fedha ambayo ingeliweza kuwekwa Julai kwa siku chache.

Basi ziada ya miezi ya neema iwe na mpango. Ya kwanza ni kuziba pengo la miezi mitatu, na njia njema ni kununua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi. Katika Sura Yusuf twafundishwa ya kuwa Nabii Yusuf (amani iwe juu yake) aliagiza nafaka ya miaka ya neema iachwe katika masuke yake, ila kidogo ya kula. Sisi siku hizi tuna mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi yaliyokauka sawasawa yakifungwa humo, dumuzi hufa kwa kukosa pumzi. Ya pili ni gharama zinazojulikana: vitu vya shule vya Januari, na Ramadhani pamoja na Idi. Hizi za mwisho hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2024 Ramadhani iliingia Machi, na kwa hesabu ya mwaka 2026 ni Februari, katikati ya dhiki. Ya tatu ni matumizi ya mwezi mmoja, 195,000, kwa ajili ya maradhi. Baada ya hayo ndipo mtaji uongezwe, na watoto wavishwe.

Kwa apataye fedha kila siku, agawanye 195,000 kwa siku 30, apate 6,500. Siku aliyopata 15,000, atoe 6,500 za nyumbani, na 8,500 ziingie akibani kabla hazijafika usiku. Kibarua asiyefanya hivi hula siku ya neema kama neema, kisha hukopa siku ya dhiki.

Mtu atajuaje kama mpango umeharibika? Kila Ijumaa ahesabu fedha ya biashara pamoja na bidhaa kwa bei ya kununulia. Ikiwa jumla yapungua na hakuna nyanya zilizooza, nyumba imeanza kuila meza. Deni la mteja lisiandikwe kuwa pato hata lilipwe. Na ikiwa miezi miwili mfululizo imeshuka chini ya kipimo, kipimo kishushwe mara moja; lakini kisipandishwe illa baada ya mwaka mzima.

Hatusemi ya kuwa daftari huongeza riziki. Nyumba ambayo lazima yake ya mwaka yashinda mapato yake ya mwaka haitaponywa kwa kalamu. Hiyo yahitaji kazi nyingine au msaada wa jamaa. Lakini nyumba ile ya mfano wetu yapata ya kutosha, na kilichoipungukia ni kuijua Februari wakati wa Julai.